Ukaguzi wa Mwaka Uhesabu Siku

Taasisi ndogo ya Lituhi, iwe ofisi ya misheni, shule, zahanati au chama cha msingi cha wakulima, ikiamua kuwa na seva yake ya barua pepe, seva hiyo kwa kawaida haitakaa Lituhi. Anayeingia mtandaoni kwa bando la simu huku mwambao wa Ziwa Nyasa mara nyingi hana anwani ya intaneti ya peke yake. Anachangia anwani moja na wateja wengine wengi, na poti namba 25, ambayo seva za barua hutumia kupelekeana barua, aghalabu mtandao wa simu umeifunga. Kwa hiyo taasisi hukodi mashine katika kituo cha data Dar es Salaam au ng'ambo, fundi huiwekea Postfix au Exim ya kupokea na kutuma barua, akaongeza Dovecot ya kuwasomea watumishi barua zao, kisha hurudi kwake. Kuanzia hapo kinachoonekana Lituhi ni barua tu, zinazoingia na kutoka. Mashine yenyewe hakuna anayeiona, na kwa kuwa inafanya kazi, hakuna anayeiuliza swali.

Ukaguzi wa mwaka umewekwa kwa ajili ya hali hiyo. Lakini orodha nyingi za ukaguzi zinauliza maswali ambayo majibu yake yanatengenezeka jana yake. "Je, seva imesasishwa?" Imesasishwa, fundi aliisasisha aliposikia mkaguzi anakuja. "Je, poti zisizotumika zimefungwa?" Zimefungwa, faili la mipangilio linasema hivyo. Miaka ya kushughulika na seva za namna hii imenifikisha kwenye msimamo mmoja: ukaguzi wa mwaka usiulize seva ikoje leo, uulize ilikuwaje kwa miezi kumi na miwili iliyopita, na kila jibu litoke kwenye ushahidi ambao fundi hakuuandika mwenyewe. Swali kuu kati ya yote ni hili: tangu kasoro ilipotangazwa hadi seva yetu ilipopata sasisho, zilipita siku ngapi?

Ushahidi wangu mkubwa ni mkasa wa Exim wa mwaka 2019. Exim ndiyo programu ya barua inayokuja na Debian, na ndiyo inayotumiwa na cPanel, ambayo kampuni nyingi za kukodisha nafasi za tovuti huitumia. Kwa hiyo hata taasisi isiyowahi kusikia jina Exim huenda inaitumia. Tarehe 5 Juni 2019 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kwamba matoleo ya Exim kuanzia 4.87 hadi 4.91 yana kasoro, nayo ikapewa namba CVE-2019-10149. Mshambuliaji aliweza kuandika amri ndani ya anwani ya mpokeaji wa barua, pale panapopaswa kuwa na jina la mtu, na Exim, badala ya kuikataa anwani hiyo, ikaitekeleza amri kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Si kila mpangilio wa Exim uliweza kuvamiwa kwa urahisi ule ule, lakini iliyokuwa rahisi ilikuwa mingi. Tarehe 9 Juni, siku nne tu baada ya tangazo, mashambulizi ya kwanza yalionekana. Hayakumlenga mtu fulani, kwani programu zilikuwa zinapita anwani moja baada ya nyingine, na kila poti 25 iliyoitika ikajaribiwa.

Sasa mchukue fundi mwenye nidhamu, anayesasisha seva kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi bila kukosa. Mwaka ule Jumatatu ya kwanza ya Juni ilikuwa tarehe 3, siku mbili kabla ya tangazo. Jumatatu yake iliyofuata ilikuwa tarehe 1 Julai. Seva yake ilikaa wazi siku 26 tangu tangazo, na siku 22 tangu mashambulizi yaanze. Mkaguzi angekuja mwezi Desemba akauliza "je, mnasasisha kila mwezi?", angejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa la kweli kabisa. Angeweka alama ya vema. Orodha ingepita, na seva huenda ilikuwa na mgeni ndani kwa nusu mwaka. Hapo orodha haikudanganywa na yeyote. Kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kibovu, kwa sababu kilihesabu mara ngapi fundi alifanya kazi, na siku ambazo mlango ulikuwa wazi hakikuzihesabu.

Mkasa huo una sehemu ya pili, ambayo watu wengi hawaikumbuki. Tarehe 28 Mei 2020, karibu mwaka mzima baadaye, shirika la usalama la Marekani, NSA, lilitoa onyo kwamba kundi la kijeshi la Urusi linalojulikana kama Sandworm lilikuwa likiitumia kasoro ile ile tangu angalau Agosti 2019. Wakishaingia, walikuwa wanaongeza watumiaji wenye mamlaka, wanalegeza mipangilio ya ulinzi wa mtandao, na wanabadilisha mipangilio ya SSH ili waweze kurudi. Maana yake ni kwamba aliyesasisha mwezi Septemba huenda alifunga mlango akiwa tayari na mgeni ndani, na mgeni huyo akiwa na ufunguo wake mwenyewe. Ndiyo maana poti, uthibitishaji wa watumiaji na masasisho havikaguliwi kama mambo matatu tofauti. Kasoro huingilia kwenye poti, hukaa kwa sababu ya ucheleweshaji wa sasisho, na hujificha kwenye orodha ya watumiaji.

Tuanze na poti. Seva ya barua ina udhaifu wake: poti 25 haiwezi kufungwa. Ukiifunga, barua kutoka nje haziingii. Haiwezi pia kuwekewa kizuizi cha anwani chache zinazoaminika, kwa maana barua halali inaweza kutoka kwenye seva yoyote duniani. Kwa hiyo kazi ya ukaguzi wa poti ni kuhakikisha kwamba iliyo wazi kwa lazima haina majirani wasiohitajika. Kwa taasisi ndogo zinatosha 25 ya kupokea, 465 au 587 ya watumishi kutuma, 993 ya kusoma, na 443 kama wanasoma barua kupitia kivinjari. Poti ya SSH ya fundi, ambayo kwa kawaida ni 22, ni vema ifunguke kwa anwani maalumu au kwa ufunguo peke yake. Hili linapimwa kutoka nje, kisha linalinganishwa na linaloonekana ndani:

```
nmap -Pn -p- mail.example.org
nmap -6 -Pn -p- mail.example.org
ss -tlnp
```

Amri mbili za kwanza zinatolewa kwenye kompyuta iliyo mbali na seva, na ya tatu ndani ya seva kwa mamlaka ya msimamizi. Amri ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Inapima anwani ya IPv6, na seva nyingi za kukodi huja nayo bila mwenyewe kuiomba. Fundi anaweza kuwa ameandika kanuni nzuri za kuzuia kwenye IPv4, huku upande wa IPv6 ukiwa hauna kanuni hata moja. Ndani ya seva, tazama safu inayoonyesha programu inasikiliza wapi. Hifadhidata ikisomeka `127.0.0.1:3306`, inaongea na mashine yenyewe tu na haina neno. Ikisomeka `0.0.0.0:3306`, iko tayari kumjibu yeyote, na kinachoilinda ni kanuni za kuzuia peke yake. Kama programu za barua zimefungwa kwa Docker, poti inayotangazwa na Docker hupita nje ya kanuni za ufw, kwa hiyo ufw inaweza kusema "imezuiwa" wakati nje inaitika. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kipimo cha nje, maana faili la mipangilio linaonyesha nia ya fundi, na nmap inaonyesha anachokiona mshambuliaji.

Anayepima kutoka Lituhi aelewe pia mpaka wa kipimo chake. Akitumia bando la simu, poti 25 inaweza kuonekana imezuiwa kumbe kizuizi kiko kwenye mtandao wake wa simu, na seva iko wazi kama kawaida. Kipimo cha poti hiyo kifanyike kutoka kwenye mashine nyingine ya kukodi, au kwenye ofisi yenye intaneti isiyo na kizuizi hicho. Na asipime seva ya mtu mwingine bila ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina mzaha na anayegusa mfumo wa mwingine bila ruhusa, hivyo mkuu wa taasisi aandike barua fupi ya ruhusa, na kampuni inayokodisha mashine ijulishwe kwanza kama masharti yake yanataka hivyo.

Upande wa uthibitishaji, wengi huanza na urefu wa nywila. Nywila ndefu ni jambo jema, lakini swali la kwanza ni mahali ambapo seva inakubali kuulizwa nywila. Poti 25 ni ya seva kwa seva, haina sababu ya kupokea jina na nywila ya mtumishi. Ikizipokea, umewapa wanaokisia nywila poti ambayo huwezi kuifunga. Kulipima hili ni kuongea na seva kwa mkono:

```
openssl s_client -quiet -crlf -starttls smtp -connect mail.example.org:25
EHLO jaribio
```

Seva itajibu kwa mistari inayoanza na namba 250. Ukiona kati yake `250-AUTH PLAIN LOGIN`, mpangilio urekebishwe, na watumishi wote watume kwa 465 au 587. Ukiwa hapo hapo, jaribu kutuma barua kutoka anwani ya nje kwenda anwani nyingine ya nje. Jibu sahihi la Postfix lina maneno `Relay access denied`. Bila kukataliwa huko, seva inabeba barua za yeyote, na ndani ya muda mfupi itaingia kwenye orodha za watumaji wa barua taka. Hilo `-quiet` usiliache, kwani bila hilo openssl huichukua herufi kubwa R mwanzoni mwa mstari kuwa amri yake yenyewe, na mstari wako wa `RCPT TO` haufiki kwenye seva. Wapo waliohitimisha kwamba seva imekataa, kumbe haikuulizwa.

Baada ya hapo, orodha ya watumiaji ilinganishwe na orodha ya mishahara. Kila sanduku la barua liwe na mtu anayejulikana, na kila aliyehama au kustaafu katika mwaka afungiwe. Kisha mkaguzi aingie pahali ambapo ukaguzi mwingi haufiki, yaani kanuni za kusambaza barua. Aliyeiba nywila ya mhasibu mara chache hukaa akisoma barua kwa mkono. Huweka kanuni ndani ya sanduku kwamba kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" itumwe pia kwenye anwani yake. Mhasibu akibadilisha nywila, kanuni inabaki. Chama cha msingi kinachongoja malipo ya kahawa kutoka kwa mnunuzi kinaweza kusomwa miezi kadhaa namna hiyo, hadi siku barua yenye namba mpya ya akaunti ya benki inapomfikia mnunuzi. Kwenye Dovecot kanuni hizo ni mafaili ya Sieve, na kwa watu kumi au ishirini yanasomeka yote ndani ya saa moja. Kwa sababu ile ile, fungua kila faili la `authorized_keys` kwenye seva na umuulize fundi ufunguo huu ni wa nani. Usio na jibu ufutwe, na uchunguzi uanze siku hiyo hiyo. Mkasa wa Exim unatuonyesha kwamba aliyeingia hubaki kwa njia hizi.

Sasa tuje kwenye masasisho. Kwa bahati njema, Debian hutunza ushahidi tunaouhitaji. Kila kifurushi kinachosasishwa huandikwa kwenye `/var/log/dpkg.log` pamoja na tarehe na saa, na kwa mpangilio wa kawaida faili hilo huzungushwa kila mwezi na nakala kumi na mbili hubaki. Yaani mwaka mzima uko pale unangoja kusomwa:

```
zgrep " upgrade exim4" /var/log/dpkg.log*
```

Kwa mkasa wa 2019, seva ya Debian 9 iliyowekewa masasisho ya kujiendesha ingeonyesha mstari wa Juni 6 unaotoka `4.89-2+deb9u3` kwenda `4.89-2+deb9u4`. Hiyo ni siku moja baada ya tangazo, na siku tatu kabla ya shambulio la kwanza. Angalia pia kwamba namba ya mwanzo, 4.89, haikubadilika. Debian hutia marekebisho ndani ya toleo lile lile, na alama yake ni ile `deb9u4` ya mwisho. Mkaguzi anayesoma salamu ya seva kutoka nje na kuona "Exim 4.89" angeiandika seva nzima kuwa mbovu, na angekosea. Kwa masasisho, ushahidi uko ndani.

Chagua basi kasoro tatu au nne kubwa zilizotangazwa mwaka huo kwa programu ulizonazo: seva ya barua, Dovecot, OpenSSL, na kiini cha mfumo. Kwa kila moja andika tarehe ya tangazo la usalama, tarehe iliyo kwenye dpkg.log, na tofauti yake kwa siku. Kisha uhakikishe sasisho limeanza kutumika. Maktaba ya OpenSSL ikisasishwa, Dovecot iliyokuwa inaendelea kufanya kazi hubaki na ile ya zamani hadi iwashwe upya. Kiini kipya hakifanyi kazi hadi mashine iwashwe upya. Amri ya `needrestart` huonyesha yaliyobaki nyuma, na ukiona seva haijawahi kuwashwa upya kwa siku mia tatu, jua kiini kinachotumika ni cha angalau siku mia tatu zilizopita, hata kama dpkg.log imejaa tarehe nzuri. Mwisho, uangalie kama mfumo wenyewe bado unapewa masasisho. CentOS 7 iliachwa tarehe 30 Juni 2024, na kuanzia siku hiyo hesabu ya siku haina maana tena, kwa sababu hakuna sasisho linalokuja bure.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zinastahili majibu. Wa kwanza husema: sisi ni ofisi ndogo kando ya ziwa, nani atahangaika nasi? Jibu limo kwenye zile siku nne za Juni 2019. Programu zilizopita anwani zote hazikuuliza ukubwa wa ofisi. Zaidi ya hapo, seva ndogo yenye jina safi ina thamani kwa mtuma barua taka kwa sababu hiyo hiyo ya usafi, na ikishachafuka, barua za zahanati kwenda kwa wafadhili au wilayani Mbamba Bay ndizo zitakazoanza kukataliwa.

Wa pili husema masasisho ya kujiendesha ni hatari, yanaweza kuiangusha seva usiku na barua zikapotea. Kuanguka kunaweza kutokea, kupotea kwa barua ni nadra. Seva inayotuma ikikuta poti 25 haijibu, haiitupi barua. Huiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, na kwa Postfix muda wa kawaida wa kuendelea kujaribu ni siku tano. Seva iliyolala saa mbili hadi fundi aamke itapokea barua zake zote kwa kuchelewa. Nayo masasisho ya usalama ya Debian, kama tulivyoona kwa 4.89, hulenga kasoro bila kubadilisha toleo, kwa hiyo mara chache huvunja mipangilio. Ukipima kati ya saa mbili za kuchelewa na siku 22 za kuwa wazi, uchaguzi si mgumu.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Anasema: kwa nini tuhangaike, si tuhamie huduma ya kampuni kubwa? Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Kuhama huondoa kazi ya poti na masasisho mikononi mwa taasisi. Hakuondoi kazi ya watumiaji waliohama, wala kanuni za kusambaza barua, wala nywila zilizoibwa, kwa hiyo nusu ya orodha hii inahama pamoja nawe. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mwenye taarifa za watu, kama zahanati, ajue zinapelekwa wapi zinapovuka mpaka wa nchi. Lakini taasisi isiyo na mtu wa kuangalia seva yake haina hoja ya kukaa nayo, na kuhama ni uamuzi halali.

Kinachokosekana kwa kawaida ni kipimo cha kuamulia, na hapo ndipo hesabu ya siku inapofanya kazi yake. Ukaguzi ukiisha, bodi ipewe ukurasa mmoja: poti zilizoonekana kutoka nje na sababu ya kila moja, masanduku na funguo zisizo na mwenyewe zilizofutwa, na kwa kila kasoro kubwa ya mwaka, idadi ya siku. Zisipozidi nne, seva ina mlezi na ibaki. Zikiwa zaidi ya nne, fundi awashe masasisho ya kujiendesha na hesabu irudiwe baada ya miezi mitatu, bila kungoja mwaka. Zikibaki zaidi ya nne kwa mara ya pili, bodi iandike kwenye muhtasari tarehe ya kuhamisha barua na jina la atakayesimamia kazi hiyo.